Gunia Moja Kwanza: Mpime Sapulaya Mpya Kabla Hujatuma Pesa Nyingi

Tuseme una kibanda cha nafaka Thika. Umeona tangazo la maharagwe ya rosekoko kutoka Kitale, gunia la kilo 90 kwa shilingi 9,000, bei ambayo sapulaya wako wa kila siku hawezi kukupa. Picha ni safi, na jamaa anaongea vizuri kwa simu. Anakwambia ukichukua magunia 10 leo, mzigo utafika kesho. Hiyo ni shilingi 90,000. Kabla hujazituma, hebu tupitie hatua tatu.

Anza na gorogoro moja

Agiza sampuli ya kilo 2 na uilipie, pamoja na nauli ya parcel. Ikifika, ipime kwa mizani, kisha uimwage kwenye sinia na uchambue. Weka kando mawe, yaliyovunjika, yaliyokunjana na yenye matundu ya wadudu. Uchafu ukifika gramu 100, hiyo ni asilimia 5. Kwa gunia zima utatupa kilo 4 na nusu, ambazo ni kama shilingi 450. Bei yake rahisi imeanza kupanda.

Halafu loweka kikombe kimoja usiku kucha, na kikombe kingine cha maharagwe unayouza sasa. Asubuhi yapike kwa muda sawa. Maharagwe yaliyokaa stoo muda mrefu hubaki magumu hata kama kwa macho yanang'aa, na mteja aliyemaliza makaa yake akiyapika harudi kwako. Sampuli iliyobaki ifunge kwenye chupa na uandike tarehe. Utaihitaji.

Uliza watu ambao hakukuchagulia

Akikupa namba za wateja wake watatu, wapigie, lakini kumbuka amewachagua yeye mwenyewe. Mmoja anaweza kuwa binamu yake. Usiulize tu, "Je, ni mwaminifu?" Uliza vitu ambavyo ni mnunuzi wa kweli tu anayevijua: alinunua mara ngapi, gunia lilipima kilo ngapi, mzigo uliletwa na gari gani, na siku mzigo ulipokuja na kasoro, sapulaya alifanya nini. Anayesema hakujawahi kuwa na shida hata siku moja hajakusaidia sana.

Kisha tafuta wako mwenyewe. Dereva au kondakta anayebeba mizigo njia hiyo huwa anajua ni stoo gani iko kweli na nani hugombana na wateja.

Sasa nunua gunia moja

Sampuli inakuonyesha maharagwe yake bora. Gunia la majaribio linakuonyesha anachofanya akishapata pesa yako. Omba ulipe sehemu kwanza, na salio mzigo ukifika.

Kabla hujathibitisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ni tofauti na jina alilokupa, simama uulize. Na kama dakika ya mwisho anasema "tuma kwa hii namba nyingine, ile ina shida," usitume. Kumbuka pia kwamba huduma ya kurudisha pesa ni ya aliyekosea namba. Haimsaidii aliyeuziwa mzigo mbaya, na pesa ikishatolewa ni vigumu kuipata. Hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na ule mlioandikiana kuhusu bei na uzito.

Gunia likifika, lipime, kisha ulimwage lote kwenye turubai. Usiangalie mdomoni tu, kwa sababu mtu anayechanganya huweka mazuri juu na ya zamani katikati. Linganisha na ile chupa.

Tuseme limepima kilo 86. Umepungukiwa kilo 4, yaani shilingi 400. Mpigie, mwambie kwa upole, umtumie picha ya mizani. Akisema "pole, nitakuongezea" na akaongeza kweli, huyo unaweza kuendelea naye. Akianza kukulaumu au asishike simu, umepoteza shilingi 400 tu. Kwa magunia 10 ingekuwa 4,000, au zote 90,000.

Gunia likiwa sawa, usiruke moja kwa moja hadi 10. Agiza 3, baada ya wiki kadhaa, bila kumwahidi kwamba oda kubwa inakuja. Kuna wanaotuma mzigo safi mara ya kwanza ili wakunase mara ya pili. Hayo 3 yapime na kuyamwaga kama ulivyofanya lile la kwanza. Wakati huo wote, usimwache sapulaya wako wa zamani. Bado unahitaji maharagwe ya kuuza kesho.