Bibi wa 101 Hulipa Lini? Hesabu Zilizofichwa Ndani ya Mchezo wa Biskuti

Agosti 2013, Mfaransa Julien Thiennot, ambaye wachezaji wengi humfahamu kwa jina la Orteil, alitoa mtandaoni mchezo wa Cookie Clicker. Skrini ina biskuti moja kubwa, na kila inapobonyezwa mchezaji hupata biskuti moja. Akizikusanya za kutosha hununua bibi wa kumwokea, naye bibi huoka mfululizo, mchezaji abonyeze asibonyeze. Kisha hununua mashamba, migodi na viwanda vya biskuti. Mchezo wenyewe hauna zaidi ya hapo, lakini kinachomfanya mtu aurudie kila siku ni hesabu iliyopimwa kwa makini.

Bibi wa kwanza huuzwa biskuti 100 na huoka biskuti moja kwa sekunde, kwa hiyo hurudisha gharama yake baada ya sekunde 100. Wa pili ni biskuti 115, wa tatu 133, wa nne 153. Kila anayenunuliwa humpandishia anayefuata bei kwa asilimia 15, na kanuni yake ni hii, `k` ikiwa ni idadi ya bibi waliokwisha kununuliwa:

```
bei = 100 * 1.15^k
```

Asilimia 15 huonekana ndogo, lakini hapa inazidishwa juu ya bei ambayo tayari imepanda. Baada ya bibi watano bei huwa imekuwa maradufu. Bibi wa 11 huuzwa biskuti 405, na kwa kuwa naye huoka moja tu kwa sekunde, hujilipa baada ya karibu dakika saba. Wa 51 hufika biskuti 108,366, yaani saa 30 za kuoka bila kupumzika. Wa 101 hupita milioni 117, na mchezaji anayemtegemea yeye peke yake atasubiri zaidi ya miaka mitatu na nusu kabla ya kurudishiwa gharama.

Huo ndio mvutano unaoendesha michezo ya aina hii. Uzalishaji hukua kwa kujumlisha, bibi mmoja juu ya mwingine, ilhali bei hukua kwa kuzidisha. Mwanzoni tofauti haionekani. Baadaye bei huchomoka na kuuacha uzalishaji nyuma, na ununuzi ukasimama.

Mbunifu wa mchezo huweka njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni chombo kipya. Shamba huanzia biskuti 1,100 na hutoa 8 kwa sekunde, kwa hiyo hujilipa kwa sekunde 137 na nusu. Mchezaji anayepiga hesabu atagundua kwamba bibi wa nne, anayejilipa kwa sekunde 153, tayari ameshindwa na shamba la kwanza. Njia ya pili ni maboresho: mchezaji akifikisha bibi 1, 5, 25, 50 na kuendelea, huruhusiwa kununua kitu kinachofanya kila bibi aoke maradufu. Hapo muda wa kujilipa hukatwa nusu, lakini bibi watano tu wanatosha kuurudisha ulipokuwa. Ndiyo maana ngazi za maboresho huwekwa nyingi, na ndiyo maana uzalishaji nao, ukizidishwa maradufu tena na tena, hufikia kiasi ambacho hata trilioni ni chenji.

Kompyuta nayo ina mipaka. Michezo ya kwenye kivinjari huandikwa kwa JavaScript, ambayo kwa kawaida huhifadhi nambari katika biti 64: tarakimu takriban 16 za mwanzo, pamoja na kipeo kinachoonyesha ukubwa. Mpaka 9,007,199,254,740,992 kila nambari nzima huhifadhiwa sawasawa. Zaidi ya hapo huanza kurukwa. Kwenye 1 yenye sifuri 20, nambari mbili zinazofuatana ambazo kompyuta inaweza kuzishika hupishana kwa 16,384. Mchezaji mwenye akiba hiyo, akiongezewa biskuti 1,000, jibu hukadiriwa kurudi palepale lilipokuwa. Anaweza kuongezewa hivyo mara milioni na akiba isisogee hata kidogo. Dalili ya kasoro hii ni hesabu iliyoganda juu ya skrini wakati mashine zote zinaonyesha kuwa zinafanya kazi.

Mpaka wa pili ni mkali zaidi. Nambari ikipita takriban `1.8e308`, yaani 1.8 ikizidishwa kwa 10 mara 308, kompyuta huandika `Infinity`. Mchezo ukijaribu kutoa `Infinity` kwenye `Infinity`, jibu ni `NaN`, alama ya kitu kisicho nambari, na `NaN` hiyo ikihifadhiwa huambukiza kila hesabu inayoigusa. Mchezo wa Antimatter Dimensions uliugeuza mpaka huu kuwa lengo: mchezaji hujitahidi kuufikia, kisha baadaye huruhusiwa kuuvunja.

Kuuvunja kunahitaji namna nyingine ya kuandika nambari. Maktaba ya `break_infinity.js` huhifadhi nambari katika vipande viwili, tarakimu za mwanzo na kipeo, kila kipande peke yake. Kuzidisha `3e400` kwa `2e500` ni kuzidisha 3 kwa 2 na kujumlisha 400 na 500, jibu `6e900`. Katika kujumlisha, vipeo vikipishana sana nambari ndogo huachwa tu, kwa sababu haiwezi kubadilisha tarakimu yoyote inayohifadhiwa.

Je, mchezaji akifunga mchezo na kwenda kulala? Hakuna bibi anayeoka usiku kucha. Mchezo huhifadhi saa uliyofungwa, na ukifunguliwa hutoa saa hiyo kwenye saa ya sasa, kisha huzidisha muda kwa uzalishaji. Biskuti 1,000 kwa sekunde kwa saa nane ni milioni 28.8. Cookie Clicker ni bahili zaidi. Mchezaji lazima kwanza apate boresho maalumu, na kwa kuanzia hulipwa asilimia 5 kwa saa ya kwanza, kisha asilimia 0.5. Kwa saa nane hizo atakuta 180,000 na 126,000, jumla 306,000, ambayo ni takriban asilimia moja ya kile ambacho angepata kama mchezo ungekuwa wazi.

Kuzidisha huko hushindwa pale mashine zinapozaa mashine. Chukua mashine kubwa 10, kila moja ikitoa mashine ndogo moja kwa sekunde, na kila ndogo ikitoa sarafu moja kwa sekunde. Mchezo ukifungwa kabla ya mashine ndogo ya kwanza kutoka, uzalishaji wa sarafu ni sifuri, na sifuri mara sekunde 3,600 ni sifuri. Jibu halisi la saa hiyo ni karibu sarafu milioni 64.8, kwa sababu zinakua kwa mraba wa muda. Kukiwa na ngazi nyingi na ununuzi unaojifanya wenyewe, kanuni moja haitoshi, hivyo mchezo huigiza muda uliopotea kwa hatua. Hatua 1,000 za sekunde 3.6 hutoa sarafu 64,735,200, pungufu kwa sehemu moja tu katika 1,000, na simu hulimaliza zoezi hilo upesi.

Linalobaki ni saa ya simu, ambayo mchezaji anaweza kuisogeza mbele siku kumi akavuna. Baadhi ya michezo huuliza saa ya seva, na mingine huweka kikomo cha saa zinazolipwa. Lazima pia ikague muda hasi: aliyesogeza saa mbele, akavuna, kisha akairudisha, anaweza kufungua mchezo na kukuta akiba yake imekatwa badala ya kuongezwa, ikiwa mwandishi wa programu hakuagiza muda wowote ulio chini ya sifuri uhesabiwe kuwa sifuri.