Kipindi cha kufidia huanza na somo la Jumatatu ijayo

Mvua za masika za mwaka 2024 ziliufanya Mto Rufiji ufurike, maji yakaingia mashambani na kwenye makazi ya watu huko Rufiji na Kibiti, na masomo ya watoto wengi yakavurugika. Msimu huohuo mafuriko yaliilazimu Kenya kusogeza mbele ufunguzi wa muhula wa pili, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Kila palipo na mafuriko ya namna hiyo, maji hupungua, watoto hurudi mmojammoja, na mwalimu hubaki na kundi ambalo halijui walichofundishwa wenzao.

Mara nyingi mtoto hukabidhiwa daftari la mwenzake na kuambiwa anakili. Atanakili kwa bidii, na mwisho wa wiki daftari lake litakuwa limejaa kama la wengine. Mzazi ataridhika, mkaguzi ataridhika, lakini mtoto hatakuwa amejifunza kitu, kwa sababu daftari hubeba majibu na kuyaacha maelezo ubaoni. Njia nyingine iliyozoeleka ni kuanza wiki ya kwanza aliyoikosa na kukimbia naye mada baada ya mada hadi amfikie mwenzake. Hesabu yenyewe inaikataa. Tuseme darasa lina vipindi sita vya hisabati kwa wiki na mtoto amekosa wiki tano. Hivyo ni vipindi 30. Ukipata nafasi mbili za ziada kila wiki utahitaji wiki 15 kuvimaliza, na muda wote huo darasa linasonga mbele.

Ninachowashauri walimu na wazazi ni kupanga kwa kurudi nyuma. Fungua azimio la kazi, tazama somo la Jumatatu ijayo, kisha jiulize mtoto anahitaji kujua nini ili alifuate. Hicho ndicho cha kufidia kwanza. Mengine yatasubiri hadi mada inayoyahitaji ifike.

Tuchukue mfano wa Darasa la Tano lenye wanafunzi 52, ambao 14 kati yao walikaa nje ya shule wiki tano. Wenzao wamesoma sehemu zilizo sawa, kulinganisha sehemu, kujumlisha sehemu zenye asili moja, vipimo vya uzito na aina za pembe. Jumatatu mwalimu ataanza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama 1/2 + 1/3. Pembe na uzito havina kazi katika somo hilo, kwa hiyo vinawekwa kando bila kuona aibu. Mtoto atahitaji tebo za kuzidisha, ajue kwamba sehemu hutokana na kitu kilichogawanywa sawasawa, aone kuwa 1/2 na 3/6 ni kiasi kilekile, na aweze kujumlisha sehemu zenye asili moja. Wiki tano zimepungua hadi mambo manne, na huenda baadhi anayajua tayari.

Ili kujua anayajua yapi, karatasi moja ya maswali matano inatosha. Sita mara nne ni ngapi? Mstatili huu uliogawanywa vipande vinne visivyolingana, je, kipande kimoja ni robo? Ipi kubwa, 1/3 au 1/5? Jaza: 1/2 = ?/6. Mwisho, 1/5 + 2/5. Hakuna alama zinazoandikwa kwenye rekodi, na watoto waambiwe hivyo kabla ya kushika kalamu, maana anayeogopa kufeli atachungulia kwa jirani na karatasi yake itamdanganya mwalimu.

Majibu yenye makosa ndiyo yenye habari. Mtoto anayesema 1/5 ni kubwa kuliko 1/3 anatazama tarakimu ya 5 na ya 3 kama namba za kawaida. Bado hajaona kwamba kitu kikigawanywa kwa watu wengi zaidi, kila mmoja hupata kidogo zaidi. Anayeandika 1/5 + 2/5 = 3/10 amejumlisha juu na chini kwa sababu alama ya kujumlisha imemwambia ajumlishe kila anachokiona. Anayeacha wazi swali la ?/6 huenda hajui sehemu zilizo sawa, au huenda hajui tu kwamba mbili mara tatu ni sita. Hapo mwite, mwoneshe karatasi, mwulize kwa upole: "Mwanangu, hapa ulifikiri vipi?" Dakika moja ya kumsikiliza itakupa jibu ambalo mtihani wa saa nzima usingekupa.

Tuseme karatasi 14 zinagawanyika hivi: watoto watano wako sawa, kwa sababu walirudi mapema au dada mkubwa aliwafundisha nyumbani. Hao waruhusiwe kuendelea na darasa, wasiwekwe kwenye kundi la fidia kwa sababu tu majina yao yana alama za kutohudhuria katika daftari la mahudhurio. Watoto sita wamekwama kwenye sehemu zilizo sawa. Watatu hawajui tebo, na tatizo lao lilianza kabla ya mafuriko. Ukiwachanganya watatu hao na wale sita, makundi yote mawili yatatoka bila kitu. Taasisi ya Pratham ya India, iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1995, ilijulikana duniani kwa njia hii ya kuwapanga watoto kwa kile wanachokiweza badala ya darasa wanalosoma, na njia hiyo imetumika pia katika nchi kadhaa za Afrika. Ilibuniwa kwa ajili ya kusoma na kuhesabu kwa msingi, kwa watoto walioachwa nyuma sana. Kwa pengo la wiki tano tunaazima kanuni yake tu.

Sasa kipindi chenyewe, cha wale sita. Kina lengo moja: kila mtoto aweze kubadilisha sehemu kuwa nyingine iliyo sawa nayo, na aoneshe kwa nini ziko sawa. Zana ni karatasi, hata za mfuko wa saruji uliokwisha, zilizokatwa vipande virefu vya sentimita 24, upana wa vidole viwili. Urefu huo una sababu. Ishirini na nne hugawanyika kwa 2, 3, 4, 6 na 8 bila kubaki, kwa hiyo mtoto mwenye rula ya kawaida hatakutana na nukta za desimali. Ukikata vya sentimita 20, theluthi itakusumbua kipindi kizima.

Kila mtoto anapata vipande vitano. Kimoja kinabaki kizima. Cha pili anakikata nusu mbili za sentimita 12, cha tatu theluthi za sentimita 8, cha nne robo za sentimita 6, na cha tano sehemu za sita za sentimita 4. Anaandika jina la sehemu juu ya kila kipande: 1/2, 1/3, 1/4, 1/6. Kukata na kuandika kunachukua kama dakika kumi, na mwalimu asiwakatie, kwa kuwa mtoto anayekata mwenyewe huona kwamba asili inapoongezeka kipande kinapungua. Yule wa 1/5 na 1/3 anajibiwa hapo bila hotuba.

Halafu mwalimu anauliza: vipande vingapi vya 1/6 vitaifunika 1/2 bila kuzidi wala kupungua? Watoto wanapanga, wanaona vitatu, wanaandika 1/2 = 3/6. Je, 1/3? Viwili. Je, 2/3? Vinne. Wakishapata mitatu au minne, waulizwe wanaona nini kati ya namba za juu na za chini. Mmoja atasema zote zimezidishwa kwa namba ileile. Mwalimu ajizuie kuisema kanuni hiyo kabla yao, hata kimya kikirefuka. Akiisema mapema wataikariri, na Jumatatu itakuwa imeshapotea.

Dakika kumi za mwisho kabla ya zoezi zinafungua mlango wa somo lijalo. Watoto wanaweka kipande cha 1/2 na cha 1/3 sambamba, kimoja kikifuata kingine. Jumla ni sentimita 20. Wanatafuta aina moja ya vipande itakayofunika urefu huo barabara. Robo tatu zinafika sentimita 18 na kuacha pengo. Robo nne zinapita. Sehemu za sita zikijaribiwa, tano zinafunika kamili. Basi 1/2 + 1/3 ni 5/6, na wamefika huko kwa mikono yao kabla ya wenzao 38 kufundishwa. Mtoto aliyekuwa wa mwisho anaingia darasani Jumatatu akiwa na jambo la kusema, na hilo nalipa uzito mkubwa, kwa sababu mtoto aliyerudi huogopa zaidi kuonekana mjinga kuliko kukosa jibu.

Kabla hawajatoka, kila mmoja anajibu maswali mawili kwenye kipande cha karatasi: 2/3 = ?/6, kisha 1/4 = ?/8. La kwanza vipande vinamsaidia. La pili halina vipande vilivyokatwa, kwa hiyo linaonesha kama ameelewa au amefuata mikono ya jirani. Anayeweza la kwanza na kushindwa la pili akate sehemu za nane kesho yake, dakika kumi zitamtosha.

Kipindi kama hiki ni dakika 40, na muda wake utafutwe kwa uangalifu. Ukimtoa mtoto kwenye sayansi ili afidie hisabati umemchimbia pengo jingine. Ukimnyima michezo, atakichukia kipindi. Asubuhi kabla ya vipindi inafaa kwa wanaokaa karibu na shule. Kwa wanaotembea mbali, tumia muda ambao darasa zima linafanya zoezi wanalolimudi wenyewe.

Aliyekosa shule kwa ugonjwa anahitaji hesabu nyingine. Mtoto mwenye selimundu hatakosa mara moja tu. Maumivu yatarudi, na upungufu wa damu humchosha haraka. Kwake kipindi kigawanywe mara mbili cha dakika 20, awe na chupa ya maji mezani na aruhusiwe kwenda chooni bila kuulizwaulizwa. Aliyepona homa ya uti wa mgongo anaweza kuwa amepoteza usikivu kwa kiasi fulani bila yeye mwenyewe kujua. Kabla ya kusema hasikilizi, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, zungumza na mzazi apelekwe kupimwa masikio, na wakati huohuo umkalishe mbele.

Wale watatu wa tebo wanahitaji mpango wao: dakika kumi kila siku, tebo moja kwa wiki, kuanzia ya mbili na ya tano, kwa muda wa miezi. Jumatatu wakae na darasa, wapewe jedwali la tebo lililoandikwa kwenye manila walitumie waziwazi, ili udhaifu huo usiwazuie kufuata sehemu. Na baada ya wiki tatu wale sita waulizwe tena swali moja, 3/4 = ?/12, bila kuambiwa mapema. Watakaoshindwa warudishiwe vipande vyao vya karatasi, kwa hiyo mwalimu asivitupe.