Nakala kwanza, tafsiri baadaye: jinsi tunavyosoma barua za zamani za Kiingereza

Katika makanisa yetu ya mashariki, sanduku la sekreteri au la familia ya mwinjilisti wa zamani mara nyingi lina karatasi zilizoandikwa kwa mkono, tena kwa Kiingereza. Wengine hushangaa, kwa sababu nchi hii ilitawaliwa kwa Kifaransa. Lakini wamisionari wengi waliofika kwetu walitoka Uingereza na Amerika. Wale wa Africa Inland Mission waliingia kupitia upande wa Mahagi mwaka 1912, na C. T. Studd na Alfred Buxton walifika kaskazini-mashariki mwaka 1913. Watu hao waliandikiana wao kwa wao kwa lugha yao, na katika barua hizo waliwataja mababu zetu.

Siku moja mama mmoja wa kanisa alituletea barua ya ukurasa mmoja. Ilimhusu babu yake aliyekuwa mwinjilisti. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja aliyejua Kiingereza aliisoma na kuieleza familia kwa Kiswahili papo hapo. Aliwaambia kwamba babu aliacha kazi akiwa na deni la misioni. Tangu hapo watu waliitaja familia ile kuwa watoto wa mwenye deni. Mama hakutuomba tubadilishe habari. Aliomba jambo moja tu: kujua kama kweli ndivyo ilivyoandikwa.

Tulipomuuliza yule kijana, ambaye leo ni mzee, alijibu kwa unyofu kwamba hakumbuki. Hakuandika Kiingereza alichokisoma, aliandika Kiswahili peke yake. Kwa hiyo hatukuweza kujua kama alikosea katika kusoma herufi, au katika kutafsiri, au kama hakukosea hata kidogo. Hapo ndipo tulipoona kwamba kazi hii ni kazi mbili, na kila moja inataka karatasi yake.

Kazi ya kwanza ni kunakili. Kunakili ni kuandika tena kile ambacho jicho linaona, mstari kwa mstari, kwa lugha ileile ya barua. Kabla ya yote tulipiga picha ya ukurasa kwa telefone karibu na dirisha, mwanga ukitoka upande mmoja, pembe zote nne zikionekana. Barua yenyewe tuliirudisha katika bahasha. Hatukuipiga pasi, hatukuibandika plastiki, wala hatukuandika juu yake hata kwa kreyo. Kisha tuliipa kila mstari namba na kuanza kunakili. Kwa ajili ya kulinda familia tumebadilisha hapa tarehe na kiasi cha fedha, na jina tumeliacha kwa herufi moja:

```
1  3/4/31
2  Yrs of 28th ult. recd. P. has left us & gone
3  with his uncle. He is now[?] owing the Mission.
4  I paid him frs 40 on the 17th ult.
```

Msomaji ataona kwamba maneno mengine hayakukamilika. Mwandishi alifupisha, nasi tukaacha hivyohivyo. Tukiyakamilisha tayari tumeanza kufasiri, na aliye nyuma yetu hataweza kujua lipi la mwandishi na lipi letu. Kwa sababu hiyohiyo, anayetumia ordinateri azime kwanza ile sehemu inayosahihisha maneno yenyewe, maana itageuza vifupisho vya zamani kuwa maneno mengine bila kuuliza. Neno lenye shaka tunalifuatisha na `[?]`. Mahali pasiposomeka kabisa, labda maji au mchwa wameharibu, tunaweka `[...]` wala hatubuni.

Shaka yetu ilikuwa katika mstari wa tatu. Neno moja fupi la herufi tatu: je, ni `now`, maana yake "sasa", au ni `not`, maana yake "si"? Likiwa la kwanza, babu anadaiwa sasa. Likiwa la pili, hadaiwi. Sifa ya mtu imesimama juu ya herufi moja.

Katika hali hiyo mtu hujaribiwa kuchagua maana inayompendeza. Sisi tuliiacha maana kando, tukatazama mkono wa mwandishi. Kila mwandishi ana desturi yake, na njia ya kuijua ni kutafuta herufi ileile katika maneno ambayo hayana shaka. Tulitazama `t` ya `left` katika mstari wa pili. Mwandishi huyu aliandika kwa haraka. Kile kistari cha kukata `t` hakikukaa juu ya herufi, kiliruka kulia na kutua mbali kidogo. Kisha tukatazama `w` ya `with` na ya `owing`: zote mbili zina mabonde mawili yaliyo wazi. Tuliporudi kwenye neno letu tuliona bonde moja tu, na baada yake mkia ulionyooka juu. Na kistari? Kilikuwapo, lakini kilitua juu ya herufi ya kwanza ya neno linalofuata, kiasi kwamba msomaji angedhani ni sehemu ya neno hilo.

Tulimwita pia mtu wa pili aliyekuwa hajasikia habari ya deni. Yeye hajui Kiingereza sana, lakini hilo lilikuwa faida, kwa sababu asiyeelewa sentensi hawezi kukisia, anasoma herufi tu. Tulimwonyesha picha, tukamwomba ataje herufi moja baada ya nyingine. Alisema n, o, t. Ndipo tulipobadilisha nakala kuwa `not`, lakini alama ya shaka tuliiacha, na chini tukaandika tarehe ya badiliko na sababu yake.

Mtu anaweza kusema kwamba mstari wa nne ungetosha kuamua, kwa kuwa mmisionari alimlipa P. franga 40 kabla hajaondoka. Lakini mtu huweza kulipwa mshahara na bado akadaiwa. Mstari huo unasaidia kidogo, hautoi hukumu. Mawazo ya namna hiyo tunayaweka katika maelezo chini ya ukurasa, kamwe si ndani ya nakala.

Ndipo kazi ya pili ikaanza, yaani tafsiri, katika kaye nyingine. Mfasiri anafanya kazi kutoka kwenye nakala, na namba za mistari ni zilezile, ili yeyote aweze kuweka kaye mbili ubavu kwa ubavu. Hapa ndipo vifupisho vinapofunguliwa. `Yrs` ni "barua yako", `recd` ni "imepokelewa". Kile kifupisho `ult.` kimewapotosha wengi: maana yake ni mwezi uliopita. Barua ni ya tarehe 3 mwezi wa 4, kwa maana Waingereza huanza na siku. Basi tarehe 28 inayotajwa ni ya mwezi wa 3, na malipo yalifanyika tarehe 17 mwezi wa 3. Lakini Mwamerika huanza na mwezi. Kama barua ingekuwa ya Mwamerika, tarehe ya juu ingesomwa 4 Machi, na malipo yangehamia Februari. Ndiyo sababu katika nakala tunaiacha tarehe jinsi ilivyo, na katika tafsiri tunaandika jinsi tulivyoielewa.

Neno lililotusumbua zaidi katika tafsiri halikuwa gumu kusomeka hata kidogo. Ni `uncle`. Kwa Kiingereza neno hilo moja ni mjomba, ni baba mdogo, tena ni baba mkubwa. Kwetu tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu inaonyesha kama mtu alikwenda upande wa mama yake au wa baba yake, na kutoka hapo yanafuata mambo ya ukoo na mashamba. Mama yule alituambia kwamba kwao wanajua ni mjomba. Pengine ni kweli. Lakini barua haisemi hivyo. Kwa hiyo tuliandika:

"2–3. Nimepokea barua yako ya tarehe 28 mwezi uliopita. P. ametuacha na amekwenda pamoja na mjomba [au baba mdogo au mkubwa, Kiingereza hakitofautishi] wake. Hadaiwi [neno lina shaka kidogo, tazama nakala] na Misioni. 4. Nilimlipa franga 40 tarehe 17 mwezi uliopita."

Ushuhuda wa familia juu ya mjomba tuliuandika chini, pamoja na kwamba umetoka kwa familia. Tungekuwa na tafsiri peke yake, na ndani yake "mjomba" bila maelezo, baada ya miaka ishirini mtu angeileta mbele ya wazee akisema, "Mmisionari ameandika mjomba."

Maniema inatupa mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, naye akashuhudia mauaji ya watu sokoni tarehe 15 Julai. Alikuwa ameishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mimea. Baadaye aliyahamishia maneno hayo katika daftari lake kubwa, na baada ya kifo chake Horace Waller alitengeneza kitabu kilichochapishwa London mwaka 1874. Wasomaji walijua kitabu hicho, kwa maana wino wa gazeti ulikuwa umefifia. Ni mwaka 2011 tu ambapo wataalamu, baada ya kupiga picha za kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali, walitoa nakala yake mstari kwa mstari. Ndipo ilipoonekana kwamba maandishi ya siku ile na yale ya daftari hayalingani katika kila jambo, hasa juu ya mwenendo wa watu aliokuwa nao Livingstone mwenyewe. Kama mtu angekuwa amesahihisha gazeti ili lifanane na kitabu, tofauti hiyo ingefutika milele.

Sisi tunatunza mafaili matatu kwa kila ukurasa, na majina yake yanafuatana:

```
barua-01-picha.jpg
barua-01-kiingereza.txt
barua-01-kiswahili.txt
```

Asiye na ordinateri anaweza kutumia kaye mbili na bahasha moja. Kanuni ni hii: sahihisho la usomaji linaanza katika nakala, kwa kutazama picha, kisha tafsiri inafuata. Tafsiri hairudi nyuma kubadilisha nakala. Na hatuandiki Kiswahili kati ya mistari ya Kiingereza, kwa sababu atakayenakili kutoka kwetu atachanganya sauti mbili kuwa moja.

Tulimsomea mama kaye zote mbili, pamoja na alama ya shaka. Hatukumwambia kwamba jambo limekwisha kabisa. Tulimwonyesha katika picha kile kistari kilichoruka, na `t` nyingine zilizo kama hiyo. Alikitazama kwa muda mrefu, akakigusa kwa kidole kwenye kioo cha telefone. Kisha aliomba nakala mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili, awapelekee ndugu zake wajionee wenyewe.