Hukumu ya Boksi Lililopondeka

Katika masoko ya mtandaoni, nyota ni kipimo cha kuanzia 1 hadi 5 ambacho mnunuzi huipa bidhaa baada ya kuipokea, na ingawa hutolewa kwa mguso mmoja wa kidole, mara nyingi hubebeshwa hukumu juu ya watu watatu ambao huenda hawajawahi kuonana: aliyekitengeneza kitu, aliyekiuza na aliyekisafirisha. Utata wake hujitokeza pale mmoja wao anapofanya kazi yake vyema na wengine wakaiharibu yao. Mnunuzi mmoja wa blenda mjini Kisumu aliandika kwamba mashine yake inasaga nyanya, karanga na hata barafu bila kusita, akaongeza kwamba ilichelewa kwa siku nane na kufika ikiwa na ufa kwenye kitako, kisha akatoa nyota 2. Mtu akisoma maneno yale atainunua blenda hiyo. Akitazama nyota peke yake ataipita.

Muuzaji wa blenda hiyo, mama mwenye duka dogo la vyombo vya umeme karibu na barabara ya Luthuli jijini Nairobi, hapingi kwamba mnunuzi alikuwa na haki ya kulalamika. Anachouliza ni kwa nini lalamiko liliwekwa mahali lilipowekwa, kwa kuwa kwa muuzaji wa kiwango chake hesabu haina huruma. Bidhaa yenye maoni matatu, yote ya nyota 5, ikipata nyota 2 katika maoni ya nne, wastani wake hushuka kutoka 5 hadi 4.25 kwa siku moja, ilhali bidhaa ya muuzaji mkubwa yenye maoni mia mbili na wastani wa 4.6, ikipewa nyota 2 hizohizo, hubaki karibu palepale. Lalamiko ni lilelile, lakini uzito wake hutegemea limeangukia duka gani.

Kabla ya kubishana juu ya nyota, mama huyo huomba picha ya boksi, na hapa ndipo ujuzi wake unapostahili kusikilizwa kwa utulivu. Ukuta wa boksi la kawaida la kusafirishia, anaeleza, una karatasi mbili nyoofu na katikati yake karatasi ya tatu iliyokunjwa kama mawimbi. Mawimbi hayo ndiyo yanayolipa boksi nguvu, na yakishapondwa hayarudi, hivyo kila pigo huacha alama inayoweza kusomwa baadaye. Pembe iliyobonyea ndani, huku pande nyingine zikiwa salama, inaonyesha kwamba boksi lilianguka, kwa sababu uzito wote wa mzigo ulitua kwenye sehemu ndogo. Uso wa juu uliozama na mbavu zilizotoka nje ni dalili kwamba mizigo mizito ilirundikwa juu yake, pengine katika buti la basi la usiku. Madoa yenye kingo na karatasi iliyojikunja huonyesha kwamba boksi liliwahi kulowa, na boksi lililolowa halihimili kurundikiwa hata likikauka. Selotepu iliyobandikwa juu ya selotepu nyingine iliyokatwa inamaanisha kwamba boksi lilifunguliwa na kufungwa tena, jambo ambalo si kosa lenyewe, ila linamlazimu muuzaji kueleza ni nani aliyelifungua. Boksi zima lenye kitu kilichovunjika ndani ndilo linalomtia hofu zaidi, kwa kuwa hapo msafirishaji huondoka bila hatia na lawama hurudi kwa aliyefunga.

Boksi la Kisumu lilikuwa na pembe moja ya chini iliyobonyea, na ufa wa kitako ulikuwa upande uleule, kwa hiyo kuanguka hakukuwa na shaka. Hata hivyo picha ya ndani ilionyesha jambo la pili ambalo mama huyo, kwa uungwana usio wa kawaida kwa mfanyabiashara anayejitetea, alilikiri mwenyewe: kipande cha povu gumu jeupe ambacho kiwanda huweka chini ya kitako hakikuwapo, kwa sababu kijana wa dukani aliifungua blenda ili kuijaribu mota kabla ya kuituma na hakukirudisha. Kuchelewa nako kulisomeka kwenye lebo na taarifa za ufuatiliaji wa mzigo, ambazo zilionyesha kwamba boksi lilitoka dukani kwa wakati, likafika Kisumu, likakaa ghalani siku sita bila mtu kulipeleka. Hivyo kuchelewa kulikuwa kwa msafirishaji, ufa ulikuwa wa msafirishaji na muuzaji kwa pamoja, na mtengenezaji, ambaye jina la blenda yake ndilo lililoshushwa nyota, hakuwa na kosa hata moja.

Masoko makubwa yamejaribu kuzitenganisha hukumu hizi kwa njia tofauti. Amazon hutenga maoni ya bidhaa na maoni juu ya muuzaji, na mwongozo wake hautaki maoni ya bidhaa yajikite katika usafirishaji, ufungaji au kuharibika kwa mzigo njiani. Tena, pale mzigo uliochelewa ulipohifadhiwa na kutumwa na kampuni hiyo yenyewe, lawama ya usafirishaji huweza kuondolewa katika hesabu ya muuzaji. eBay ilianza mwaka 2007 kuwaruhusu wanunuzi kumpima muuzaji kwa vipengele vinne, ambavyo ni usahihi wa maelezo ya bidhaa, mawasiliano, muda wa kutuma na gharama za kutuma. Lakini utengano huo humfaa tu mnunuzi anayeuona, na mtu aliyengoja mzigo kwa hasira hujaza kisanduku cha kwanza kinachomfikia.

Kwa kipimo cha mama wa Luthuli, blenda ile ilistahili nyota 4 kama bidhaa. Nyota moja inapunguzwa kwa sababu ufa uliopita karibu na mguu wa mpira unaifanya mashine itikisike inaposaga, na kutikisika ni sehemu ya matumizi, wala si jambo la safari tena. Kama ufa ungekuwa wa kuumiza macho tu, angesema 5. Kama ungekuwa kwenye mtungi wa kioo, ambao ukipasuka huchanganya vipande na chakula, hakuna nyota ya kujadili, kwani kitu hicho hakitumiki na kinapaswa kurudishwa. Muuzaji, kwa upande wake, alistahili 3 kwa lile povu, na usafirishaji 1.

Hoja hiyo ina nguvu, ila haimalizi ubishi. Mnunuzi anayefuata hanunui blenda iliyo kiwandani, ananunua blenda itakayofika mlangoni kwake, na kama tatu kati ya kumi hufika zimepasuka, basi habari hiyo inamhusu kuliko kasi ya mota. Wala haijulikani ni wapi hasa bidhaa inapoishia na safari inapoanzia: kiwanda kinachofunga kioo kwa karatasi nyembamba kimekosea katika bidhaa au katika ufungaji? Zaidi ya hayo, mama huyo alituma kitako kipya bila malipo, na ni vigumu kusema kama nyota zinapaswa kupima siku mzigo ulipofika au siku tatizo lilipotatuliwa.

Mnunuzi aliyepokea mzigo wa namna hii asilitupe boksi kabla ya kulipiga picha pande zote sita, pamoja na lebo na vikingio vya ndani. Adai fidia au kubadilishiwa kwanza, kwa kuwa nyota hazifungui dai lolote, kisha atafute kama soko lake lina mahali pa kumpima muuzaji na msafirishaji. Akikuta kisanduku kimoja tu, aipe bidhaa nyota zinazolingana na inavyofanya kazi mezani pake, na aandike katika sentensi ya kwanza kwamba ilichelewa siku ngapi na ilivunjika wapi.