Kabla ya Kuifunga Akaunti ya Mahesabu

Wapo miongoni mwa wasomaji wetu wenye maduka na malori ambao huweka mahesabu yao katika programu ya QuickBooks Online, wakiilipia kila mwezi. Biashara inapofungwa, jambo la kwanza wanalolitaka ni kuikata ada hiyo. Tunawaomba wasubiri kidogo. Akaunti ya kulipia ikishafutwa, mwenyewe huachiwa kuyasoma mahesabu kwa mwaka 1 tu, bila ya uwezo wa kuyabadili. Lakini idara ya kodi ya serikali kuu, IRS, yataka kumbukumbu za kodi za wafanyakazi zihifadhiwe kwa muda usiopungua miaka 4.

Tuchukue mfano wa duka la nyama halali mjini Louisville. Mwenye duka ni mama mmoja; aliyeifungua akaunti ni mpwa wake, ambaye amekwisha hamia Buffalo; na mhasibu wao yuko Columbus. Kwa programu hiyo, bwana wa akaunti ni mpwa, hata kama mama ndiye alipaye. Basi waanze hapo. Mpwa aingie `Manage users`, ampe mama madaraka ya usimamizi, kisha achague `Make primary admin`. Mama hupelekewa barua pepe, na asipoikubali hakuna kilichobadilika. Lifanywe hili mapema, maadamu mpwa bado anayo simu na anwani aliyojiandikishia.

Kazi kubwa ni kuyatoa mahesabu. Kwanza mhasibu atazame orodha ya malipo ya benki yanayosubiri: malipo yaliyoletwa na benki yakabaki humo bila ya kukubaliwa hayamo vitabuni, wala hayatatoka. Ndipo afungue `Export data` na kuweka tarehe tangu siku duka lilipofunguliwa. Atapata majedwali ya Excel, lakini picha za risiti hazimo. Hizo huchukuliwa peke yake katika `Attachments`. Hati za mishahara na fomu W-2 na 941 nazo zipakuliwe mbali. Kisha alinganishe jumla za `Trial Balance` zilizomo katika faili na zile za kiooni, kwa tarehe ile ile. Zikihitilafiana hata kwa dola 1, arudie. Sisi tungeifungua faili hiyo katika kompyuta nyingine pia, kwani faili isiyofunguka ni sawa na faili isiyokuwapo.

Mashine ya kadi ya dukani na benki zisikatwe mpaka mauzo ya mwisho yaingie. Zikatwe pande zote mbili: ndani ya programu, na katika orodha ya ruhusa iliyoko kwenye tovuti ya benki. Programu ndogo zilizoungwa humo mara nyingi zina ada zao wenyewe, na kuifuta akaunti ya mahesabu hakuzizuii kuendelea kutoza.

Baada ya hayo mama aifute akaunti, aichapishe barua ya uthibitisho, na mwezi ufuatao aitazame taarifa ya benki kama kuna aliyetoza tena.