Maikromita Haioni Nundu Tatu

Shafti ya pampu ya maji, kipenyo milimita 40, imetoka kusagwa. Fundi anaipima kwa maikromita, anaigeuza kidogo, anapima tena: kote ni 40.010. Inapita. Beringi mpya inapigwa mahali pake, pampu inawashwa, na muda si mrefu inaanza kuvuma. Lawama humwangukia aliyeuza beringi. Pengine anastahili, maana bandia zimejaa, lakini kabla ya kugombana naye ni vizuri kuitazama shafti upya.

Maikromita hupima umbali kati ya nukta mbili zinazotazamana, basi. Yapo maumbo ambayo umbali huo haubadiliki popote ilhali si duara. Chukua shafti yenye nundu tatu: kila nundu inatazamana na bonde upande wa pili, kinachozidi huku kinapungua kule, na jumla inabaki ileile. Ndivyo ilivyo kwa nundu tano, saba na idadi nyingine witiri. Pete ya ndani ya beringi ni nyembamba. Ikishakazwa juu ya shafti ya namna hiyo hufuata umbo lake, na gololi zinapita juu ya vilima vitatu kila mzunguko.

Nundu hizo mara nyingi hutoka kwenye mashine za kusaga zisizotumia senta. Humo shafti hulala juu ya ubao wa chuma katikati ya mawe mawili: moja linasaga, jingine linaizungusha polepole na kuidhibiti. Nundu ikigusa jiwe la kuongoza, shafti yote inasukumwa kuelekea jiwe la kusagia, na hapo bonde linachimbwa upande unaoikabili. Ndiyo maana mwendeshaji mzoefu huinua ubao ili kitovu cha shafti kikae juu kidogo ya mstari wa vitovu vya mawe. Akisahau, mashine yenyewe inazalisha kosa ambalo maikromita haitalikamata.

Kulikamata hakuhitaji fedha nyingi. Laza shafti kwenye bloki ya V yenye pembe ya digrii 60, weka ncha ya dayal geji juu yake katikati kabisa, kisha izungushe taratibu. Tuseme mshale unapanda na kushuka mara tatu kwa mzunguko mmoja, na tofauti ni mikroni 15, yaani milimita 0.015. Bloki hiyo hukuza kosa la nundu tatu mara tatu, kwa hiyo kosa halisi ni mikroni 5. Kama mchoro unaruhusu 4, shafti imekataliwa. Ila bloki hiyohiyo ni kipofu kwa nundu tano na kwa nundu saba, mshale hautatikisika. Bloki ya digrii 90 hukuza nundu tatu na tano mara mbili, lakini saba haizioni. Ya digrii 120 ndiyo inayozikamata saba. Hakuna bloki moja inayotosha, na ndiyo sababu kubwa ya kuwapo kwa mashine maalumu za uduara: shafti inawekwa kwenye meza inayozunguka juu ya hewa iliyobanwa, na kijigololi cha kifaa kinaugusa uso wake mzunguko mzima. Kosa la meza nzuri ya aina hiyo ni sehemu ndogo tu ya mikroni moja.

Uduara si mparuzo, na hapa wengi huchanganya. Mzingo wa shafti yetu ni takriban milimita 126, kwa hiyo kutoka nundu hadi nundu ni milimita 42. Mparuzo ni michirizi iliyoachwa na chembe za jiwe, nayo iko karibukaribu mno kuonekana moja moja kwa macho. Kifaa cha mparuzo chenye sindano husoma kipande cha milimita 4 hivi, na huchuja mawimbi yote marefu kuliko milimita 0.8. Uso unaweza kupata alama nzuri kabisa ya mparuzo na bado uwe na nundu tatu.

Sindano yenyewe ina ncha ya almasi, kwa kawaida yenye nusu kipenyo cha mikroni 2 au 5, na huburutwa sambamba na urefu wa shafti. Mwelekeo huo si hiari. Michirizi ya kusaga huzunguka shafti, na sindano lazima iikate. Ukiipitisha kwa kuifuata, itateleza ndani ya mfereji mmoja na kukupa namba ya kupendeza isiyo na maana. Namba inayosomwa zaidi ni Ra, wastani wa jinsi uso unavyopanda na kushuka kutoka mstari wa kati. Mahali pa oili sili huhitaji Ra kati ya mikroni 0.2 na 0.8. Ikizidi, mdomo wa sili unalika. Ikipungua sana, uso haushiki utando wa mafuta, na mdomo unaungua.

Vifaa vya mwanga vinavutia. Havigusi, vinachora uso mzima badala ya mstari mmoja, na vinakuonyesha mchubuko ambao sindano ingeukosa kwa bahati tu. Kwa chuma laini au uso uliopakwa utando mwembamba, ningevichagua mara moja. Kwa shafti iliyosagwa na kukaushwa kwa moto, hofu ya sindano kukwaruza ni ndogo, na matatizo ya mwanga huwa mengi kuliko manufaa yake. Utando wa mafuta unasomwa kana kwamba ni chuma. Miteremko mikali ya michirizi hurudisha mwanga pembeni, kifaa kikaacha matundu au kuchora miiba isiyokuwapo. Tena lenzi yenye ukuzaji wa mara 50 huona eneo la milimita 0.3 hivi, dogo kuliko hata hiyo 0.8 ya kichujio; bila kuunganisha picha nyingi, Ra inayotoka haifanani na iliyoandikwa kwenye mchoro. Mteja mwenye sindano na muuzaji mwenye mwanga wanaweza kubishana mwezi mzima, wote wakiwa wakweli.

Kwa uduara, mwanga unakuja kwa sura nyingine: mashine zinazosoma kivuli cha shafti ikizunguka kati ya senta. Ni za haraka, na kiwandani zinapima shafti nyingi kwa zamu moja. Kosa linaloruhusiwa likiwa mikroni 10 au zaidi, zinafaa. Kwa mikroni 4 zetu nisingezitegemea, maana ubovu wa matundu ya senta na chembe moja ya vumbi huingia kwenye jibu.

Basi kwa shafti hii: mahali pa beringi, meza ya uduara, mahali pa sili, sindano. Na bado sili inaweza kuvuja ilhali Ra ni 0.4, kwa sababu jiwe lililosogezwa pembeni wakati wa kusaga limeacha uzi mwembamba kama wa skrubu unaosukuma mafuta nje. Huo hukaguliwa kwa kamba nyembamba. Paka shafti mafuta kidogo, ilaze sawasawa, ning'iniza juu yake kamba yenye uzito wa gramu 30 hivi, kisha zungusha polepole pande zote mbili. Kamba ikienda kushoto kwa mzunguko mmoja na kulia kwa mwingine, uzi upo. Ikienda upande uleule mara zote mbili, shafti imechongoka au haikulazwa sawa. Uzi ukithibitika, shafti irudi kwenye jiwe, lisogezwe mbele bila kutembezwa pembeni, na liachwe lizunguke hadi cheche zife.