Kompyuta hukokotoaje vipeo vikubwa bila kulemewa?

Mwaka 1977, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, nchini Marekani, walibuni njia ya kuficha ujumbe inayojulikana kwa herufi za mwanzo za majina yao, RSA. Kuufungua ujumbe huo kunahitaji hesabu moja tu: namba ipandishwe kwenye kipeo kikubwa, igawanywe kwa namba nyingine, na kinachochukuliwa ni baki peke yake.

Tuseme ujumbe uliofichwa ni 48, kipeo cha siri ni 103 na kigawanyo ni 143. Anayezidisha 48 mara 103 atapata namba yenye tarakimu 174, na kisha ataitupa karibu yote.

Kumbe hapana haja ya kuifikia. Mara 48 ikizidishwa kwa 48 hupatikana 2304, yaani mafungu 16 kamili ya 143 na baki 16. Mafungu kamili, hata yakizidishwa vipi, hubaki mafungu kamili, kwa hiyo yanaweza kutupwa papo hapo na kazi ikaendelea na 16.

Kila baki huzidishwa kwa lenyewe, na kipeo huongezeka maradufu. Kipeo cha 2 kinatoa 16. Cha 4 kinatoa 113. Cha 8, 42. Cha 16, 48. Cha 32, 16 tena. Na cha 64, 113. Sasa 103 ni jumla ya 64, 32, 4, 2 na 1, hivyo mabaki ya vipeo hivyo vitano ndiyo yanayozidishwa pamoja. 48 mara 16 huacha 53. Mara 113 huacha 126. Mara 16 huacha 14. Na 14 mara 113 ni 1582, ambayo huacha 9. Ujumbe wa asili ulikuwa 9.

Zimetumika hatua kumi za kuzidisha badala ya 102, na hakuna namba iliyozidi tarakimu tano. Anayesahau kutoa baki katika hatua moja hatakosea jibu, ila ataona namba zikivimba. Lakini kompyuta yenye nafasi finyu hukata tarakimu za mbele kimya kimya, na hapo jibu huharibika bila onyo.

Katika matumizi halisi kigawanyo huwa na tarakimu zipatazo 617, na hatua za kujizidisha hufika elfu mbili na ushei, kazi ya kufumba na kufumbua kwa kompyuta.

Hata hivyo, njia hii ina mwanya. Vipeo vya 8 na 16 katika mfano huu vilirukwa, na kuruka huokoa muda. Mwaka 1996 mtaalamu wa Marekani, Paul Kocher, alionyesha kwamba anayepima kwa makini muda wa hesabu nyingi za namna hiyo anaweza kukisia hatua zilizorukwa, na hatimaye kukipata kipeo cha siri chenyewe. Ndiyo maana programu nyingi za usalama hufanya kazi ileile katika kila hatua, hata pale ambapo matokeo yake hayahitajiki.